Maswali 4 ya Kumpima Mtu wa Mapokezi wa Kiswahili na Kiingereza, na Jinsi ya Kumpa Alama

Leo tunatoka kidogo nje ya duka. Najua humu ndani kuna wengi mmeanza kupangisha vyumba, wengine mko Airbnb na Booking.com, na swali linalokuja kila mara ni hili: nampataje mtu wa mapokezi anayejua Kiswahili na Kiingereza kweli, siyo wa kwenye sivii tu?

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba 9 Moshi. Nusu ya wageni wake ni wazungu wanaopanda mlima, nusu ni watu wetu wa safari za kikazi. Alipotafuta mtu wa mapokezi nilikaa naye kwenye usaili, na karatasi tuliyotumia ndo hii naiweka hapa. Kiingereza changu ni cha fomu foo na cha kuchati na wateja, kwa hiyo tulimwomba jirani anayeongoza watalii aje acheze nafasi ya mgeni. Kama na wewe Kiingereza chako ni cha kuungaunga, tafuta mtu wa hivyo. Huwezi kumpima mtu kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukisikii vizuri.

Kwanza sheria za mezani. Kila anayekuja anaulizwa maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Wasaili wawe wawili, kila mmoja anaandika alama zake kimya kimya mara tu jibu linapoisha, kabla ya mtu mwingine kuingia. Mkisubiri mpaka jioni mtabaki mnamkumbuka aliyechangamka tu. Kila swali lina alama 1 mpaka 5.

Swali la 1: Simu. Mpe karatasi na kalamu, mtoe nje, halafu "mgeni" ampigie kwa Kiingereza. Anataka chumba cha watu 2, siku 3, anataja tarehe, anauliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, na anataja jina lake la ukoo herufi moja moja. Kwa nini simu? Ana kwa ana mtu anaweza kujisaidia kwa mikono na tabasamu. Kwenye simu imebaki lugha peke yake. Akirudi, chukua karatasi yake uikague.
Alama 5: jina, tarehe na idadi ya watu viko sahihi, na alimsomea mgeni upya kabla ya kukata.
Alama 3: kimoja kimekosewa, au hakusoma upya.
Alama 1: mgeni amerudia rudia na bado tarehe au jina si lenyewe.

Swali la 2: Kubeba ujumbe. Hili ndo moyo wa kazi, kwa hiyo alama zake zinazidishwa mara 2. Kuna watu wanaongea Kiingereza kizuri na Kiswahili kizuri, ila ukiwaweka katikati ya watu wawili wasioelewana, ujumbe unapotea njiani.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa usafi, nikamwambia kwa Kiswahili: hita ya chumba namba 4 imeharibika, fundi anakuja saa 2 asubuhi, kwa sasa mgeni aoge chumba namba 6. Hapo kuna vitu 3. Yeye anamwambia mgeni kwa Kiingereza. Kisha mgeni anamjibu: kesho anataka gari ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, saa 5:30 AM, na ana mabegi 4 makubwa. Vitu 3 vingine. Yeye anamwambia dereva kwa Kiswahili.

Umeona mtego? Ni saa. Fundi wa saa 2 asubuhi kwa mgeni ni 8:00 AM. Na 5:30 AM kwa dereva wetu ni saa 11 na nusu alfajiri. Mtu akimwambia dereva "njoo saa 5 na nusu", dereva atakuja saa 5 na nusu asubuhi, yaani saa 6 nzima zimepita, na ndege imeshaondoka. Hasara hiyo mgeni atakudai wewe.

Hapa hesabu vitu tu, wala usibishane na mwenzako kuhusu lafudhi. Vitu 6 vyote vimefika, alama 5. Vitano, alama 4. Vinne, alama 3. Vitatu, alama 2. Chini ya hapo, alama 1. Ila akikosea saa hata mara moja, hapandi juu ya 2, hata kama mengine yote kayasema vizuri.

Swali la 3: Chumba kimoja, wageni wawili. Usiku saa 4, mgeni kafika ana risiti ya chumba, na chumba kina mtu tayari. Mgeni anapaza sauti kwa Kiingereza.
Alama 5: anaomba radhi mara moja, anamkalisha mgeni, anampa njia ya kueleweka (chumba kingine, au anapiga gesti ya jirani na kumtafutia usafiri), na anamwambia bosi.
Alama 3: ni mpole ila anaishia kwenye "subiri nimpigie bosi".
Alama 1: anabishana, au anamlaumu mfanyakazi mwenzake mbele ya mgeni.

Swali la 4: Siri ya mgeni. Mtu anapiga, anasema kwa Kiswahili kitamu kabisa: "Dada, mume wangu kafikia hapo, yuko chumba namba ngapi?"
Alama 5: hathibitishi wala hakatai kama mtu huyo yupo, anaomba jina na namba ya anayepiga.
Alama 3: anasema "ngoja nimuulize kwanza". Ni adabu nzuri, ila tayari kashasema kwamba yupo.
Alama 1: anataja chumba.

Jumla ni alama 25. Kufaulu ni 17, na chini ya 3 kwenye swali la 2 hatumchukui, hata jumla yake iweje. Mkipishana alama 2 au zaidi, kila mmoja asome alichoandika, muelewane.

Sasa tazama ilivyokuwa kwetu:

Wa kwanza: simu 5, ujumbe 2 (inakuwa 4), chumba 4, siri 4. Jumla 17.
Wa pili: simu 3, ujumbe 5 (inakuwa 10), chumba 4, siri 3. Jumla 20.
Wa tatu: simu 4, ujumbe 3 (inakuwa 6), chumba 2, siri 5. Jumla 17.

Wa kwanza Kiingereza kilikuwa kinateleza mpaka shangazi akanong'ona "huyu huyu". Lakini ndiye aliyemwambia dereva saa 5 na nusu. Wa pili Kiingereza chake cha polepole, anatafuta maneno, ila aliandika kila kitu na kumrudia mgeni saa. Akachukuliwa yeye, na suala la siri akafundishwa siku ya kwanza.

Mambo mawili ya mwisho. Usimuulize mtu kabila, dini, kama ameolewa au ana mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi huo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Pia usaili hauonyeshi uaminifu kwenye pesa. Kwa hilo, mpigie bosi wake wa zamani, halafu mpe zamu moja ya majaribio, na umlipe.

Na wewe unayetafuta msaidizi wa kujibu wateja wa nje, chukua swali la 2, badilisha hita na fundi uweke mzigo na boda, halafu hesabu vitu vilivyofika.