Mtego wa rangi ya buluu

Mtunga swali la vitendo la baiolojia hukoroga wanga na sukari ya mezani katika maji, akauita mchanganyiko huo K. Mtahiniwa akidondoshea iodini ya kahawia, rangi hugeuka buluu-nyeusi: wanga upo. Hapo wengi hawakosei.

Mtego uko kwenye Benedikti. K ikichemshwa nayo hubaki buluu, na mwenye haraka huandika "hakuna sukari". Kumbe sukrosi haiathiri Benedikti mpaka ivunjwe. Basi swali liagize sampuli nyingine ichemshwe kwanza na asidi hafifu ya haidrokloriki, ipozwe, itiwe sodiamu baikaboneti hadi povu likome, ndipo Benedikti iongezwe na kuchemshwa tena. Safari hii buluu hupita kijani, njano na machungwa hadi wekundu wa matofali. Asidi isipoondolewa, jaribio huharibika.

Ila hapa mtunzi naye hunaswa: asidi hiyo huweza kuvunja hata wanga kidogo, na wekundu ukakosa kuthibitisha sukrosi. Afadhali K iwe na sukrosi na ute wa yai, ambao hubainishwa kwa zambarau ya jaribio la biureti.