Likizo ya Marejesho ya Miezi Miwili na Hatima ya Salio la Mkopo: Mfano wa Mpaka wa Busia na Tororo

Mwezi Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mabenki kuwaongezea muda wakopaji walioathiriwa na janga la korona. Benki Kuu ya Uganda ilitoa nafuu kama hiyo kuanzia tarehe 1 Aprili. Katika vituo vya mpakani vya Busia na Malaba, ambako malori yalipanga foleni yakisubiri madereva wapimwe, nafuu hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa wafanyabiashara. Hata hivyo, kusimamisha marejesho si kusimamisha riba. Makala hii inaonyesha tofauti hiyo kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mchuuzi wa Lunyo, wilayani Busia, aliyekopa shilingi za Uganda 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayotozwa juu ya salio linalopungua. Rejesho lake ni shilingi 94,560 kila mwezi. Baada ya marejesho manne, salio ni shilingi 692,695. Hapo anapewa likizo ya miezi miwili. Riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 13,854, nayo ya pili, ikiwa ile ya kwanza imeongezwa kwenye deni, ni 14,131. Anarudi akidaiwa shilingi 720,680.

Wengi hulaumu riba inayotozwa juu ya riba. Katika mfano huu sehemu hiyo ni shilingi 277 tu. Gharama kubwa inatokana na deni la msingi kukaa miezi miwili bila kupunguzwa, huku likiendelea kutozwa riba.

Sasa kuna njia tatu. Rejesho likibaki lilelile, marejesho manane yaliyosalia hayatoshi: baada ya la nane hubaki shilingi 32,789, na mkopo huisha kwa rejesho dogo la tisa la shilingi 33,445. Likizo ya miezi miwili imeahirisha mwisho kwa miezi mitatu. Mkopaji akitaka kuahirisha kwa miezi miwili tu, rejesho hupanda hadi shilingi 98,380. Tarehe ya awali ikishikiliwa, marejesho ni sita ya shilingi 128,660.

Hatari imo katika njia ya kwanza. Mkopaji huhesabu marejesho yake manane, akaamini amemaliza, kumbe salio dogo limebaki na linaweza kusajiliwa kuwa deni lililochelewa. Dalili yake huonekana mapema: taarifa ya mkopo baada ya likizo huonyesha salio kubwa kuliko la kabla yake, ilhali ratiba haijabadilika.

Kwa hiyo, agizo la nafuu lisiishie kuruhusu likizo. Limtake mkopeshaji ampe mkopaji, kabla hajatia saini, ratiba mpya yenye salio la kurejea, kiwango cha rejesho na tarehe ya rejesho la mwisho.