Nani Mkubwa Kwenye Enterprise?

Anayeanza kutazama Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kati ya 1987 na 1994, hapati taabu mwanzoni. Mwenye upara, Jean-Luc Picard, ndiye anayeongoza meli ya Enterprise. Mwenye ndevu, William Riker, ndiye msaidizi wake. Taabu huja pale anaposikia kwamba Riker ni kamanda, na Beverly Crusher, daktari wa meli, naye ni kamanda. Je, wako sawa?

Kwa cheo, ndiyo. Kwa wadhifa, hapana. Cheo ni daraja ambalo afisa huondoka nalo hata akihamishiwa meli nyingine. Wadhifa ni kazi aliyopewa katika meli hii. Riker ni afisa wa kwanza, kwa hiyo Picard akitoka, meli inabaki mikononi mwake. Crusher anaongoza kitengo cha tiba. Katika masuala ya afya neno lake lina nguvu, lakini cheo chake hakimfanyi awe mrithi wa kiti cha nahodha mbele ya Riker.

Cheo unaweza kukisoma kwenye ukosi wa sare. Kapteni ana vidoti vinne vya dhahabu, kamanda vitatu, luteni kamanda viwili vya dhahabu na kimoja cheusi, luteni viwili, na ensaini, afisa wa chini kabisa, kimoja. Rangi ya sare haionyeshi cheo bali kitengo: nyekundu ni ya uongozi, ya dhahabu ni ya uhandisi na usalama, na buluu ni ya sayansi na tiba. Ndiyo maana ensaini wa usukani anaweza kuvaa nyekundu kama Picard mwenyewe.

Kipindi kinachofundisha jambo hili vizuri kuliko vingine ni "Disaster" cha mwaka 1991. Enterprise inapata ajali na mawasiliano yanakatika. Picard amenasa ndani ya lifti pamoja na watoto watatu, na Riker na Data wako mbali na chumba cha uongozi. Luteni aliyekuwa zamu humo anafariki. Miongoni mwa wanaobaki ni Ro Laren, ensaini. Miles O'Brien, fundi mzoefu ambaye si afisa. Na Deanna Troi, mshauri wa saikolojia, asiyevaa sare wala kidoti.

Troi hajui lolote kuhusu mitambo. Hata hivyo ni luteni kamanda, na O'Brien ndiye anayemweleza kwamba sasa yeye ndiye mkubwa. Ro anataka sehemu ya mbele ya meli itenganishwe mara moja, kabla mtambo haujalipuka na kuwaua wote. Troi anamsikiliza, anamuuliza O'Brien maswali ya kitaalamu, kisha anaamua wasubiri na umeme upelekwe kwenye chumba cha mitambo, ili aliyeko huko, kama yupo, aione hatari. Ro amekasirika, lakini anatii. Riker na Data wanafika huko na kuuzuia mlipuko. Mwenye ujuzi alikuwa O'Brien, mwenye ujasiri alikuwa Ro, ila amri ilikuwa ya Troi.

Mwaka 1994, katika "Thine Own Self", Troi anafanya mtihani wa kuwa kamanda. Anaufaulu pale anapokubali, katika zoezi la kuigiza, kumtuma mwenzake akafanye kazi itakayomuua. Tangu hapo anamzidi Data cheo, naye anamtania kwamba sasa itabidi amwite afande. Lakini Data anabaki afisa wa pili wa meli, kwa sababu kupandishwa cheo kwa Troi hakukumvua Data wadhifa wake.

Usichukue vyeo hivi ukavipeleka kwenye kila tamthilia, maana vinaweza kukupoteza. Katika Battlestar Galactica iliyoanza 2003, vyeo vya majini vimechanganywa na vya nchi kavu. Anayeongoza meli ni Kamanda Adama na msaidizi wake ni Kanali Tigh. Kapteni Lee Adama ni rubani wa ndege za kivita, na yuko chini ya meja, kama kapteni wa jeshi la nchi kavu. Meli ya Pegasus inapotokea ikiwa na Admirali Cain, Adama, aliyekuwa ameongoza msafara mzima, analazimika kumwachia uongozi siku hiyo hiyo, kwa kuwa admirali yuko juu ya kamanda.

Kwa hiyo unapowaona maafisa wawili wakibishana, uliza kwanza nani amekabidhiwa wadhifa huo. Kama wadhifa hauna mwenyewe, au aliyekabidhiwa hayupo, ndipo uhesabu vidoti.