Swichi Mbili, Namba Moja

Mwaka 2010 mwanamke mmoja alifariki katika ajali ya gari aina ya Chevrolet Cobalt huko Georgia, Marekani. Familia yake ilikwenda mahakamani, na injinia aliyefanya uchunguzi kwa niaba yao akailinganisha swichi ya ufunguo ya gari lile na nyingine mpya iliyonunuliwa dukani. Namba ya kipuri ilikuwa ileile. Ndani, springi ya ile mpya ilikuwa ndefu zaidi, na ufunguo wake mgumu zaidi kuzunguka.

Ile ya zamani ilikuwa laini mno. Goti likiugusa ufunguo, au rundo la funguo likining'inia, swichi iliweza kurudi nyuma na injini ikazimika gari likiwa mwendoni. Injini ikizimika hivyo, mifuko ya hewa inayomkinga dereva haifumuki.

General Motors ilikuwa imebadilisha sehemu hiyo. Aprili 2006 injinia wake aliidhinisha springi mpya, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Kosa liko hapo. Kila kipuri kina toleo la msingi: mchoro, vipimo na matokeo ya majaribio vilivyokubaliwa na kufungwa pamoja. Baada ya hapo hakibadilishwi ila kwa ombi la maandishi linaloeleza kinachobadilika, sababu yake, na gari la kwanza litakalofungwa kipya. Marekebisho madogo hupewa herufi mpya kwenye mchoro, namba ikabaki. Lakini fundi asipoweza kuchukua chochote kati ya cha zamani na kipya akafunga bila wasiwasi, basi hivyo ni vipuri viwili, na kila kimoja kinastahili namba yake.

Fikiria waliokuwa wakichunguza ajali hizo ndani ya kampuni. Waliona mifuko ya hewa ikigoma kwenye magari ya hadi 2007, kisha tatizo likatoweka kwenye ya 2008. Walitafuta kilichobadilika. Kumbukumbu za swichi zikawaonyesha namba moja tangu mwanzo, kwa hiyo wakatafuta kwingine, miaka ikapita. Inaniuma kwamba jibu lilikuwa dukani, ndani ya boksi, kwa yeyote ambaye angezifungua mbili na kuzilinganisha.

Mwaka 2014 GM iliita takriban magari milioni 2.6 yarudishwe. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Mwanzoni iliita magari ya hadi 2007 tu, kwani ya baadaye yalitoka kiwandani na swichi nzuri. Lakini swichi mbovu takriban 95,000 zilikuwa zimeuzwa kama spea, zikakaa rafu moja na nzuri. Magari mapya yaliyowahi kutengenezwa huenda yalifungwa mbovu, na karatasi za gereji hazikuweza kutofautisha. Ikabidi magari ya 2008 hadi 2011 nayo yaitwe, mamia ya maelfu.