Kabla ya kuwapa vifurushi, waulize kuhusu vilivyorudi

Wenye maduka ya Instagram jijini Dar es Salaam wanaijua meseji hii. Kampuni mpya ya kusambaza vifurushi inajitambulisha, inaahidi kufikisha mzigo siku hiyohiyo, na chini yake imeweka picha ya ramani yenye kidoti kinachoonyesha bodaboda alipo. Ramani hiyo inapendeza, na ndiyo inayowavuta wengi kusaini. Lakini mzigo ukichelewa, swali la muuza duka huwa jingine: nani ameushika sasa hivi, na alikabidhiwa saa ngapi?

Chukua mfano wa mkoba ulioagizwa Kariakoo na mteja wa Mwanza. Bodaboda anauchukua dukani, anaufikisha ghalani, kampuni inaupeleka kwenye basi stendi ya Magufuli, Mbezi, wakala wa Mwanza anaupokea, kisha anamfikishia mteja. Hapo mzigo umebadilisha mikono mara tano. Kila anayepokea anapaswa kuskani stika yenye namba ya mzigo kwa simu yake, ili mfumo uandike jina lake na saa. Ufuatiliaji wa kweli ni mfululizo huo wa makabidhiano, maana kidoti cha ramani kinafuata simu ya dereva, na simu inaweza kuwa Sinza wakati mkoba umesahaulika ghalani.

Kwenye basi ndipo mfululizo hukatika. Wahudumu wa basi hawana programu ya kampuni. Wanaandika risiti ya karatasi, mzigo unaingia buti, na kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hakuna anayeskani chochote. Kampuni makini haifichi pengo hilo. Inaipiga picha risiti, inaandika namba za gari na simu ya ofisi ya basi kule mzigo unakokwenda, na inamweka mtu wa kuupokea Mwanza. Isiyo makini inaandika tu "mzigo uko njiani", na maneno hayo yanakaa hivyo hivyo mpaka mteja apige simu kulalamika.

Rekodi zilizopikwa zinatambulika. Omba historia ya vifurushi vichache vilivyokwisha kufika, usome saa zake. Ukikuta "imetoka ghalani", "iko njiani" na "imepokelewa" zimeandikwa jioni moja zikifuatana kwa dakika chache, ujue kuna mtu alikaa ofisini akajaza. Angalia pia namba ya siri anayotumiwa mteja ili kuthibitisha kupokea. Baadhi ya madereva humpigia mteja ili watajiwe namba hiyo wakiwa bado barabarani, na mfumo unasoma kwamba mzigo umefika. Mwambie mteja wako mapema kwamba namba hutajwa mzigo ukiwa mkononi.

Halafu kuna ile asilimia wanayojivunia. Kampuni ikisema inafikisha mizigo 95 kati ya 100, uliza hesabu imeanzia wapi. Tuseme ilichukua vifurushi 100 dukani, 20 ikavifuta kwa maelezo kwamba mteja hapatikani, na kati ya 80 vilivyobaki ikafikisha 76. Ukigawa 76 kwa 80 unapata asilimia 95, na haijadanganya kwenye kugawa. Ila wewe ulitoa vifurushi 100, na 24 havikufika.

Vifurushi hivyo 20 vya "mteja hapatikani" ndivyo ningevichimba kuliko kitu kingine chochote. Watu wengi hawapokei namba wasiyoijua, na ingawa serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, wateja wengi bado wanaelekeza kwa jina la duka au kituo cha daladala. Simu moja isiyopokelewa haitoshi kumfuta mtu. Uliza dereva anatakiwa kupiga mara ngapi, kama anatuma meseji inayotaja jina la duka lako, na kama mzigo unajaribiwa tena kesho yake. Kwa oda ya kulipa baada ya kupokea, mzigo ukirudi, mara nyingi wewe ndiye unayegharimia kwenda na kurudi, na bidhaa imekaa nje siku kadhaa bila kuuzwa.

Kampuni changa inayotaka kuaminiwa ingefanya vyema kuanza na hayo: ilete orodha ya mizigo iliyorudi mwezi uliopita, na sababu ya kila mmoja. Ionyeshe leseni yake ya TCRA, itaje kwa maandishi fedha za wateja zinamfikia muuzaji baada ya siku ngapi, na mzigo ukipotea inafidia hadi kiasi gani. Fidia isiyozidi nauli ya mzigo haimsaidii aliyepoteza mkoba.

Muuza duka naye asikabidhi oda zote kwa mkupuo. Ampe msambazaji mpya vifurushi 30 kwa wiki mbili, vya Sinza, vya Mbagala na vichache vya mkoani, kisha apige simu mwenyewe kwa kila mteja na kumuuliza mzigo ulifika saa ngapi. Majibu hayo ayaweke kando ya saa zilizomo kwenye mfumo wa kampuni.