Mwanya wa Bibi Umepotelea Wapi?

Siku hizi watu wengi wanapeleka kwa mafundi picha mbili tatu za zamani za mzee wao na kuomba picha mpya kubwa ya kutundika ukutani. Fundi anazitia kwenye programu ya akili mnemba kama picha za marejeo, na baada ya dakika chache anatokea bibi amekaa vizuri, kajitanda leso, kashika kikombe cha kahawa, anatabasamu. Macho ni yake, pua ni yake. Lakini mjukuu akiitazama kwa makini anasema, "Fundi, huyu si bibi. Mwanya wake uko wapi? Na hiki kidole cha sita kimetoka wapi?"

Mjukuu ana haki. Mwanya wa mbele ndiyo alama ambayo watu wengi wangemkumbuka nayo marehemu, na programu imeuziba bila kumuuliza mtu. Ili kujua kwa nini, tupime picha yenyewe.

Tuseme picha ina pikseli 1024 kila upande, kipimo cha kawaida cha Stable Diffusion XL, modeli iliyotoka mwaka 2023 na ambayo bado inatumiwa na wengi. Bibi amechukuliwa kuanzia kiunoni kwenda juu, na uso wake, kutoka nywele zinapoanzia hadi kidevuni, una urefu wa pikseli 200 hivi. Uso wa mtu mzima una sentimita kama 18, kwa hiyo kila sentimita imepata pikseli 11. Jino moja kubwa la mbele lina upana wa milimita 8 au 9, basi nalo limepata pikseli 9. Mwanya wa milimita 2 umepata pikseli 2.

Hapo ndipo shida inapoanza, maana modeli hii haichori pikseli moja moja. Hufanya kazi yake kwenye picha iliyobanwa, ambayo kila chumba chake kimoja kinasimamia pikseli 8 kwa 8 za picha kamili. Picha yote ya pikseli 1024 inabanwa kuwa vyumba 128 kila upande, kisha mwishoni inafumuliwa. Jino zima la bibi limekaa ndani ya chumba kimoja na ushei. Mwanya wake ni robo ya chumba. Modeli ikifumua, inajua kwamba hapo pana kitu cheupe chenye mistari ya wima, lakini mistari ipite wapi hasa inabahatisha. Kwa sababu picha nyingi ilizofunzwa nazo zina meno yaliyobanana, inabahatisha kwa kuyabananisha. Modeli za karibuni hubana picha bila kupoteza mengi hivyo, na meno yake ni afadhali, ila jino dogo linabaki dogo.

Sababu ya pili iko kwenye marejeo yenyewe, na naiona kuwa nzito zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba picha waliyoitia imeonwa yote. Njia zinazotumika sana kushika sura ya mtu, kama InstantID na IP-Adapter FaceID, huukata uso na kuupunguza hadi pikseli 112 kwa 112, kisha huugeuza kuwa orodha ya namba 512. Katika kipande hicho mdomo una upana wa pikseli kama 30, na mwanya ni kama pikseli moja tu. Isitoshe, kifaa kinachotoa namba hizo kilifundishwa kumtambua mtu yule yule awe amenuna au anacheka. Maana yake kilifundishwa kuyapuuza mambo ya mdomoni. Kwa hiyo zile namba zinabeba umbo la uso, nafasi ya macho, mashavu, lakini kuhusu meno hazisemi karibu chochote. Na kama picha zote za marejeo ni za kitambulisho, mdomo umefungwa, hata njia nyingine haina pa kuyatoa meno hayo.

Mikono ndiyo haina shahidi kabisa. Picha ya pasipoti inakomea mabegani. Modeli inapoambiwa bibi ashike kikombe, mkono wote unatoka kwenye kumbukumbu ya picha za watu wengine, na unaweza kuja mkono laini wa msichana wa miaka 20 ukaungwa na uso wa mama wa miaka 75. Wateja wengi huhisi kwamba kuna jambo haliko sawa kabla hawajafika kuhesabu vidole.

Na vidole kwa nini vizidi? Uso katika picha nyingi una mpangilio ule ule: macho mawili juu, pua katikati, mdomo chini. Mkono haufanani na mwenzake. Ukikunjwa vinaonekana vidole vitatu, ukishika kikombe vinne, mikono miwili ikipachikana vinaonekana tisa, na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha hayasemi ni vingapi. Modeli ikajifunza kwamba kando ya kidole huwa pana kidole kingine, jambo ambalo ni kweli, bila kujifunza mahali pa kusimama. Meno nayo ni hivyo hivyo: kando ya jino pana jino. Wengine huandika kwenye maelezo ya kukataza kwamba hawataki mikono mibaya. Sijaona likisaidia sana, na sababu ni wazi, kwani neno haliongezi nafasi wala haliongezi ushahidi.

Basi tiba ni hizo mbili: kuupa mdomo na mkono nafasi kubwa, na kuupa kila mmoja kitu cha kweli cha kuufuata.

Turudi kwa bibi. Jambo la kwanza ni kukuza picha nzima mara mbili, iwe pikseli 2048, kabla ya kugusa mdomo. Wengi hupaka upya meno kwenye picha ndogo. Meno yanatoka mazuri wakati wa kazi, kisha programu inayarudisha kwenye ule upana wa pikseli 9 na kazi yote inapotea. Ukishakuza, jino lina pikseli 18 na mwanya una 4.

Pili, funika mdomo tu kwa brashi ya kupakia upya. Katika programu ya AUTOMATIC1111, ambayo mafundi wengi wanaifahamu, weka hivi:

```
Masked content: original
Inpaint area: Only masked
Only masked padding, pixels: 64
Mask blur: 8
Width: 1024
Height: 1024
Denoising strength: 0.35
```

Mstari wa `Only masked` ndio unaofanya kazi kubwa. Programu inakata mdomo pamoja na pikseli 64 za pembeni, kipande cha upana wa pikseli kama 270, na kukikuza hadi 1024 kabla ya kuchora. Sasa jino moja lina pikseli kama 70, vyumba vinane na zaidi, na mwanya una 15, karibu vyumba viwili. Zile pikseli za pembeni usizinyime, maana bila kuona pua na kidevu modeli haijui uso umeelekea wapi, na itakupa meno yaliyotazama mbele ndani ya uso uliogeuka upande.

`Denoising strength` ni kiasi unachoiruhusu modeli kuacha kilichopo. Kwenye 0 haigusi kitu, kwenye 1 inaanza upya. Kwa 0.35 itanyoosha kingo za meno na kusafisha ufizi, lakini haitafungua mwanya ambao haupo. Ukipandisha hadi 0.7 ukitumaini utafunguka, itakuletea meno mengine mapya yaliyobanana. Mwanya lazima uuweke wewe. Kama ipo picha moja, hata ya harusini katikati ya kundi, ambapo bibi anacheka, kata meno yake hapo, yabandike kwenye GIMP au Photoshop kwa pembe ile ile, kisha pitisha kwa 0.25 au 0.3 ili rangi zishikane. Kama picha hiyo haina ubora, ifuate kwa macho na uchore kwa brashi nyembamba mstari wa hudhurungi iliyoiva kati ya meno mawili ya mbele. Usitumie mweusi mtupu, maana ndani ya mdomo pana wekundu wa ufizi na ulimi, na mweusi utaonekana kama jino limeng'oka. Pitisha tena kwa 0.35, na modeli ikikuta mwanya umekwisha kuchorwa itauheshimu.

Kuyakagua meno, anzia katikati. Pawe na meno mawili mapana ya mbele, kila upande jino jembamba kidogo, halafu chonge. Yakiwa yote na upana mmoja kutoka shavu hadi shavu, au katikati pakikaliwa na jino moja, kazi bado.

Kwa mkono, usipoteze muda kuunyoosha uliokwisha kuharibika. Mwombe binti wa bibi huyo, au mtu wa nyumba hiyo mwenye umri mkubwa, ashike kikombe kile kile mbele ya dirisha, mwanga ukitoka upande ule ule wa picha, umpige kwa simu. Hapo unapata vidole sahihi na pia ngozi ya umri unaokaribia. Picha hiyo ipitishe kwenye ControlNet ya aina ya `Depth`, ambayo inatoa umbo la mkono kwa kina chake, kipi kiko mbele na kipi nyuma, kisha paka upya eneo la mkono kwa nguvu ya 0.6 hadi 0.75, kwa sababu hapa unataka modeli iuache ule wa mwanzo. Ukifunika, funika na kikombe, la sivyo vidole vitapita ndani ya udongo.

Halafu fuata kila kidole kutoka kwenye kiganja hadi ukucha. Gumba lina vipande viwili, vingine vina vitatu. Kidole kinachopotea nyuma ya kikombe kiwe na mahali pa kutokea, au kisitokee kabisa. Tazama pia rangi: kwa watu weusi kiganja ni cheupe kuliko mgongo wa mkono, na modeli mara nyingine hupaka mkono mzima rangi moja au huvivisha vidole rangi ya kiganja upande usio wake.

Kwa maharusi wa pwani kuna nyongeza. Maua ya hina na piko huficha kingo za vidole, na modeli hugeuza mstari wa piko kuwa pengo au kiungo. Tengeneza kwanza mkono mtupu mpaka ukubalike, maua yapakwe mwisho kwa kuyabandika kutoka kwenye picha halisi ya mkono wa bibi harusi.

Na ikiwa hakuna picha hata moja inayoonyesha meno ya marehemu? Waulize watoto wake: mwanya ulikuwa juu au chini, jino gani lilikosekana, alikuwa akicheka hadi ufizi uonekane? Majibu yao yakipishana, mchore midomo ikiwa imefungwa, na uwaeleze wazi kwa nini umefanya hivyo.