Potasiamu Iliyotoka Kwenye Chupa

Majibu yamefika wodini: potasiamu 9.2, kalsiamu 0.9, zote kwa milimoli kwa lita. Kwa mtu mzima mwenye afya, potasiamu huwa takriban 3.5 hadi 5.1, na kalsiamu 2.1 hadi 2.6. Mwenye damu ya namna hii angekuwa mahututi, lakini huyu ameketi kitandani anakunywa uji.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, ila kosa lenyewe hutokea kweli. Mwanafunzi wa uuguzi alijaza kwanza chupa yenye kifuniko cha zambarau, ya kuhesabia chembe za damu. Chupa nyekundu, ya kupimia madini, ikapungukiwa, naye akaiongezea damu kidogo kutoka ile ya zambarau. Kwa macho damu ni ileile. Lakini chupa ya zambarau ina EDTA, kemikali inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na kwa kawaida huwekwa ikiwa chumvi ya potasiamu. Matone machache yakapandisha potasiamu na kushusha kalsiamu kwa mpigo mmoja. Ndiyo sababu nyekundu hujazwa kabla ya zambarau, na damu haihamishwi kamwe kutoka chupa hadi chupa.

Kosa hili haliachi rangi yoyote. Kalsiamu ndiyo inayolifichua. Chembe nyekundu zikipasuka, dalili ni nyingine. Ndani ya chembe potasiamu ni nyingi kuliko nje kwa zaidi ya mara 20, hivyo ukiisukuma damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au ukiitikisa chupa badala ya kuipindua taratibu, potasiamu humwagika. Maabara wakishaizungusha chupa kwenye mashine, majimaji ya juu huonekana mekundu badala ya manjano.

Hatari ya tatu iko njiani, na hii huwapata hasa waangalifu. Zahanati iko mbali, basi damu inawekwa kwenye friji au juu ya barafu hadi gari lije. Baridi hudhoofisha pampu inayorudisha potasiamu ndani ya chembe, hivyo potasiamu huvuja polepole. Majimaji hubaki manjano, kalsiamu ya kawaida. Saa ya kutoa damu iliyoandikwa kwenye lebo ndiyo hutoa fununu. Kwa kipimo hiki, damu ikae kwenye joto la kawaida la chumba na ifike mapema, au majimaji yatenganishwe na chembe kabla ya safari.

Lebo ibandikwe palepale kitandani, baada ya kutoa damu, mgonjwa akiwa ametaja mwenyewe majina yake. Usimuulize, “Wewe ndiye Asha?” Mgonjwa mchovu huitikia jina lolote.

Na mgonjwa wetu wa uji? Mjulishe daktari mara moja, apimwe umeme wa moyo, huku ukitoa sampuli mpya. Akiwa na ugonjwa wa figo, potasiamu ya juu inaweza kuwa ya kweli hata kama anaonekana mzima.